Vitini vya karatasi ndani ya simu: mambo ya kuzingatia kabla ya kupiga picha ukurasa wa kwanza

Mdogo wangu anasomea uuguzi hapa Kisumu na amepanga chumba Kondele. Muhula uliopita alikuwa na kitini cha famakolojia chenye kurasa 46, simu yenye kamera ya megapikseli 8 ambayo hifadhi yake ilikuwa karibu kujaa, na bando dogo ambalo mara nyingi lilikwisha kabla ya jioni. Alitaka kusoma akiwa kwenye matatu na katika mapumziko ya wodini bila kubeba rundo la karatasi wala kuwasha data. Mimi nafanya kazi katika duka la fotokopi, kwa hiyo alinijia kuuliza aanzeje, nasi tulikaa jioni mbili tukipanga kabla hajapiga picha hata moja. Haya ndiyo tuliyoyapanga, pamoja na yale tuliyojifunza baada ya kukosea.

Swali la kwanza ni kama picha zenyewe hazitoshi. Picha moja ya ukurasa kwa simu yake ilikuwa na megabaiti 3 hivi, kwa hiyo kurasa 46 zingekula karibu megabaiti 138, na hicho kilikuwa kitini kimoja tu kati ya vingi. Ukurasa huohuo ukigeuzwa kuwa maandishi matupu, kila herufi huchukua baiti moja, na ukurasa wenye maneno 500 huwa na herufi zipatazo 3,000, yaani kilobaiti 3. Kitini kizima kinaingia katika kilobaiti 140, ambazo ni ndogo kuliko sehemu ya kumi ya picha moja. Zaidi ya hayo, maandishi yanaweza kutafutwa: mtu akiandika jina la dawa, simu inampeleka kwenye mstari wake mara moja, jambo ambalo picha ya kawaida haimpi.

Baada ya hapo ni kuchagua programu ya kutambua maandishi, na hapa tahadhari ni kubwa kwa mwenye data kidogo. Programu nyingi za aina hii hupeleka picha kwenye kompyuta ya mbali na kurudisha maandishi, hivyo kila ukurasa hula data bila mtumiaji kutambua. Sisi tulichagua Text Fairy, ambayo hufanya kazi ndani ya simu yenyewe kwa kutumia injini huria ya Tesseract. Hata hivyo, programu ya namna hiyo huhitaji faili ya lugha ipakuliwe mara moja kabla ya matumizi. Alipakua programu na faili ya Kiingereza, kwa kuwa vitini vyao vimeandikwa kwa Kiingereza, akiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba. Kisha, kabla ya kutoka maktaba, aliweka simu katika hali ya ndegeni, akapiga picha ukurasa mmoja na kusubiri. Maandishi yakitokea katika hali hiyo, una hakika kwamba programu inaweza kuyasoma ndani ya simu yenyewe bila data. Yasipotokea, ni heri ujue ukiwa bado maktaba kuliko saa nne usiku chumbani.

Kuna mwanya mwingine wa data ambao watu huusahau. Ikiwa simu imewekwa kuhifadhi picha mtandaoni yenyewe, kila ukurasa utakaopiga utasubiri muunganisho ili upande huko. Wanafunzi wengi hutegemea mtandao pepe wa rafiki, na simu inaweza kuuhesabu kuwa Wi-Fi ya kawaida, kisha ikaanza kupandisha picha zote kwa bando la mwenzako. Zima uhifadhi huo wa picha kwanza, halafu uwashe tena kazi itakapokwisha.

Sasa karatasi zenyewe, na hapa nasema kutokana na miaka niliyokaa nyuma ya mashine. Kitini kinachopita mikononi mwa darasa zima mara chache huwa nakala ya kwanza. Mwanafunzi mmoja hutoa nakala ya kitini cha mwalimu, wa pili hutoa nakala ya ile nakala, na kila mara mashine inapoteza kitu kidogo. Herufi nene hubaki zikisomeka, lakini nukta, vistari vyembamba na tarakimu ndogo za chini hufifia kwanza. Jicho la binadamu hujazia kilichopotea bila kufikiri, ilhali programu haijazii ipasavyo. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, tafuta nakala iliyo karibu zaidi na ile ya mwalimu, hata ikibidi uiazime kwa jioni moja tu. Mdogo wangu alikuwa na nakala ya mkono wa tatu, na tulipoilinganisha na ya kiongozi wa darasa, tulikuta nukta za desimali zimetoweka kwenye kurasa kadhaa.

Ukubwa wa herufi nao una hesabu yake. Kamera ya megapikseli 8 hutoa picha yenye pikseli zipatazo 3,264 kwa 2,448. Ukurasa wa A4 ukijaza picha yote, unapata takriban nukta 280 kwa kila inchi, na programu hizi husoma vizuri zikikaribia 300. Kwa maandishi ya kawaida ya ukubwa wa 12, nukta ya desimali inapata upana wa pikseli nne au tano, kiasi kinachotosha. Lakini baadhi ya walimu huchapisha slaidi sita kwenye ukurasa mmoja, na herufi zikishuka hadi ukubwa wa 6, nukta hubaki na pikseli mbili tu, ambazo programu huweza kuzifuta ikidhani ni vumbi kwenye karatasi. Kurasa za namna hiyo zipigwe nusu kwa nusu, kamera ikiwa karibu, hata kama idadi ya picha itaongezeka maradufu.

Kuhusu mwanga sitasema mengi. Ondoa pini ili karatasi ilale sawasawa, kaa kivulini kwenye baraza asubuhi badala ya kwenye jua kali, zima flashi ya kamera, na egemeza simu juu ya vitabu viwili vya urefu sawa ili isitikisike.

Jambo ambalo ningemsihi kila mwanafunzi wa afya alipe muda mrefu zaidi ni namna atakavyohakiki tarakimu, na utaratibu huo uamuliwe kabla ya kuanza, kwa sababu uchovu ukishaingia hakuna atakayeubuni. Katika ukurasa wa 17 wa kitini chetu, dozi ya adrenalini ya kuchoma kwenye msuli kwa mtu mzima mwenye mzio mkali wa ghafla ilikuwa imeandikwa .5 mg, bila sifuri mbele. Simu ikaandika 5 mg. Mstari huo ulisomeka vizuri kabisa, na hapakuwa na dalili yoyote ya kosa. Aliyeligundua ni mdogo wangu, si kwa kutazama karatasi bali kwa kukumbuka kichupa chenyewe: adrenalini ya 1:1000 ina miligramu 1 katika kila mililita, na kichupa cha kawaida kina mililita moja, kwa hiyo miligramu 5 zingehitaji vichupa vitano kwa sindano moja. Aliniambia, "Kaka, hakuna muuguzi anayevunja vichupa vitano kwa mgonjwa mmoja." Dozi sahihi ni 0.5 mg, yaani nusu ya kichupa.

Tulipopitia kurasa nyingine tuliona tofauti iliyotufundisha mengi. Pale mwalimu alipoandika 0.5 na nukta ikapotea, simu iliandika 05, na sifuri hiyo iliyokaa peke yake mbele ilimwonyesha msomaji kwamba kuna kitu kimepungua. Pale alipoandika .5, hakikubaki kitu cha kuonya. Vivyo hivyo, tembe ya digoksini ya mikrogramu 62.5 ilitokea kama 625, mara kumi ya ile iliyoandikwa. Ndiyo sababu, katika faili yake, aliamua kuweka sifuri mbele ya kila nukta ya desimali, kutoweka kamwe sifuri ya ziada baada yake (1 badala ya 1.0, kwa kuwa 1.0 ikipoteza nukta huwa 10), na kuandika neno la mikrogramu kwa ukamilifu badala ya alama ya µg, ambayo simu iliisoma mara kama pg na mara kama ng. Hizi ni kanuni zilezile zinazotumika katika uandishi salama wa dozi wodini, na zinafaa vilevile kwenye simu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Baada ya kila kurasa tano, alifungua faili, akatafuta mg, ml na alama ya asilimia, na kila zilipotokea aliweka kidole kwenye karatasi na kusoma tarakimu kwa sauti. Palipokuwa na shaka kwenye karatasi yenyewe, hakubahatisha. Aliandika ULIZA mbele ya mstari, na siku iliyofuata akamwendea mwalimu na orodha ya mistari saba. Kwa hesabu hiyo ukurasa mmoja ulichukua dakika tano hadi saba, na kitini kizima kilimalizika kwa jioni nne.

Majedwali ni sura nyingine. Jedwali la dozi za watoto kwa uzito lilisomwa na simu kwa kukatiza safu zote, uzito wa mtoto mmoja ukaishia kando ya dozi ya mwingine, na kila tarakimu ikawa sahihi mahali pasipo pake. Usilipitishe jedwali kwenye programu. Liandike kwa mkono, mstari mmoja kwa kila uzito, kwa sentensi kamili. Michoro nayo ikatwe, ifanywe nyeusi na nyeupe, ipunguzwe upana hadi pikseli 1,000 hivi, kisha ihifadhiwe kando kwa jina la ukurasa wake. Na karatasi yoyote yenye jina la mgonjwa isipigwe picha kabisa.

Majina ya faili pia yaamuliwe mapema. Alitumia faili moja kwa kila mada, katika programu ya Markor, ambayo huandika maandishi matupu na haihitaji mtandao:

```
famakolojia-03-adrenalini-k17-k19.txt
```

Namba za kurasa zilizo mwishoni ndizo zinazomrudisha kwenye karatasi anapotilia shaka jambo.

La mwisho kupangwa ni siku ya kufuta picha. Tulikubaliana kwamba hazifutwi hadi faili zote zitumwe kwa Bluetooth kwenye simu yangu, zifunguke humo, na mistari yote yenye ULIZA iwe imejibiwa. Mistari sita ilijibiwa wiki hiyohiyo. Wa saba ulisubiri siku tisa, kwa kuwa mwalimu alitaka kwanza kuangalia nakala yake ya asili, na siku zote hizo picha ya ukurasa huo ilibaki kwenye simu.