Mikono, Sindano na Mto: Namna ya Kutenganisha Sinekidoki, Metonimia na Sitiari katika Shairi

Kila muhula ninaposahihisha karatasi za ushairi hapa Nairobi, hukutana na jibu lile lile: mwanafunzi ameona neno ambalo halikutumiwa kwa maana yake ya kawaida, naye ameandika "sitiari" bila kuangalia mara ya pili. Kosa hilo lina chanzo chake. Sitiari hufunzwa mapema na kwa mifano mingi, ilhali sinekidoki na metonimia hupitiwa kwa haraka, kana kwamba ni majina mengine ya jambo hilo hilo. Katika mwongozo huu nitatumia ubeti mmoja nilioutunga kwa ajili ya darasa langu, wa mizani kumi na sita kila mshororo, ili tuyachambue maneno manne tu lakini tuyachambue hadi mwisho.

Mikono ya Gikombani, mapema imeamka,
Sindano hulisha ndani, na karo imelipika,
Jengo la pale mjini, ushuru limetamka,
Soko ni mto yakini, maji yasiyokauka.

Hatua ya kwanza: andika kinachotajwa na kinachokusudiwa

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika neno lililo katika shairi, na upande wa kulia andika kile ambacho mshairi anakizungumzia hasa. Mikono inayoamka mapema ni mafundi wa cherehani na wachuuzi wa Gikomba. Sindano inayolisha watu ni kazi ya ushonaji. Jengo linalotamka ushuru ni maafisa walio ndani yake. Na mto ni soko lenyewe. Usiandike jina la tamathali yoyote kwa sasa. Wanafunzi wengi hukosea kwa sababu huanza na jina, kisha hutafuta sababu ya kulitetea.

Hatua ya pili: uliza kama vitu hivyo viwili vilikuwa pamoja kabla ya shairi

Hili ndilo swali linalobeba uzito wote. Katika sitiari, mshairi huchukua vitu viwili vya mbali na kuviunganisha kwa sababu ameona vinafanana kwa sifa fulani. Katika sinekidoki na metonimia hakuna mfanano wowote unaohitajika, kwa kuwa vitu hivyo tayari vimeshikana katika maisha ya kila siku: kimoja ni kiungo cha kingine, au ni chombo chake, mahali pake, ama kinachokizalisha.

Jaribu kuingiza neno "kama". Ukisema "soko ni kama mto", sentensi inasimama, kwa maana watu humiminika sokoni bila kukoma jinsi maji yanavyotiririka. Hiyo ni sitiari. Ukisema "mafundi ni kama mikono", sentensi inapwaya. Fundi hafanani na mkono, bali anao. Vivyo hivyo ushonaji haufanani na sindano, na afisa hafanani na jengo. Kwa jaribio hili moja tumeshaliondoa neno "mto" katika kundi, tukabaki na matatu.

Hapo kuna mtego ambao mwanafunzi makini anaweza kunaswa nao. Mto wa Nairobi hupita kando ya soko la Gikomba, na mwanafunzi mmoja aliwahi kunishikilia kwamba, kwa kuwa mto na soko ni majirani halisi, basi hiyo ni metonimia. Nililipenda sana swali lake, kwa sababu ametumia kigezo sahihi mahali pasipofaa. Jibu limo katika kipande cha pili cha mshororo: "maji yasiyokauka". Mshairi amehamisha sifa ya maji na kulivisha soko, na uhamisho wa sifa ni kazi ya mfanano. Lau wachuuzi wangesema "leo Mto umefungwa", wakimaanisha kwamba soko lililo kandokando ya mto limefungwa, hapo ujirani ndio ungekuwa unafanya kazi, nayo ingekuwa metonimia. Kwa hiyo hatutazami tu kama vitu viko karibu. Tunatazama ni uhusiano upi ambao mshororo wenyewe unautegemea.

Hatua ya tatu: tenga sehemu na jirani

Sasa chukua maneno yaliyobaki na uulize: je, kinachotajwa ni sehemu ya kinachokusudiwa? Mkono ni sehemu ya mwili wa fundi, kwa hivyo "mikono" ni sinekidoki. Zaidi ya hayo, mshairi hakuchagua kiungo kiholela. Angesema "nyayo zimeamka" tungefikiria safari. Amesema "mikono" kwa kuwa anataka tuwaone watu hawa kupitia kiungo kinachofanya kazi yao. Maelezo ya namna hii ndiyo yanayoonyesha kwamba mwanafunzi amelielewa shairi.

Sindano, kwa upande wake, si sehemu ya fundi. Akiiweka mezani na kwenda zake, fundi amebaki mzima. Sindano ni chombo kinachoambatana na kazi, ndiyo maana tunaiita metonimia. Methali yetu inayosema "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" imejengwa kwa namna iyo hiyo: jembe limesimama badala ya kazi ya shamba, wala hakuna anayedhani kwamba kazi inafanana na jembe.

Sinekidoki huweza pia kugeuka, kizima kikataja sehemu. Mtangazaji anaposema "Kenya imeshinda mbio", aliyekimbia ni mwanariadha mmoja. Baadhi ya wataalamu huiweka sinekidoki ndani ya metonimia kama tawi lake, na mfano kama huu unaonyesha sababu: Kenya ni jumla ambayo mwanariadha ni sehemu yake, na pia ni mahali anapotoka. Ukikutana na mfano wa mpakani kama huo, taja uhusiano uliouona kwa maneno kamili, kwa kuwa jina peke yake halitatosha.

Hatua ya nne: hakikisha si tashihisi

"Jengo limetamka" humvuta mwanafunzi kuandika tashihisi, kwa sababu jengo limepewa kitendo cha binadamu. Badilisha neno: weka "maafisa" mahali pa "jengo". Ikiwa sentensi inakuwa ya kawaida kabisa, yaani maafisa wametamka ushuru, basi nyuma ya jengo kulikuwa na watu tangu mwanzo, na uhusiano ni wa mahali na waliomo. Katika "upepo ulininong'oneza" huwezi kumpata mtu wa kumweka mahali pa upepo. Hiyo ndiyo tashihisi.

Hatua ya tano: lijaribu neno moja katika sentensi tofauti

Tamathali haikai ndani ya neno, hukaa katika matumizi yake. Nikisema "kiwanda kinahitaji mikono mingi", nimetaja kiungo kwa niaba ya wafanyakazi, nayo ni sinekidoki. Nikiitazama barua na kusema "huu ni mkono wa babu", ninakusudia mwandiko, yaani kitu kilichotokana na mkono ambacho si mwili wa babu, kwa hiyo ni metonimia. Nikienda kwa muuza ndizi nikaomba mkono wa tembo, nitapewa zile ndizi kubwa za kupika, zilizopewa jina hilo kwa ukubwa na umbo lake. Tembo hana uhusiano wowote nazo isipokuwa mfanano, na hapo tumerudi kwenye sitiari.