Jinsi ya kumwandikia mwenzako barua pepe apunguze dakika mbili kwenye sehemu yake ya wasilisho

Mmeshafanya mazoezi, saa imeonyesha mmezidisha dakika mbili, na zote ziko kwa mwenzako. Sasa unatakiwa kumwandikia. Wengi huandika "tafadhali fupisha kidogo sehemu yako", kisha siku yenyewe mwenzao anakuja na maneno yale yale, ila anayakimbiza. Barua inayofanya kazi huandaliwa kabla ya kuandikwa, na maandalizi ndiyo yanayochukua muda. Kuiandika ni robo saa tu.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Watu wawili wanawasilisha kwa uongozi wa ofisi yao jinsi ya kupunguza foleni kwenye kaunta ya wateja. Wamepewa dakika 20, tano za mwisho ni za maswali, kwa hiyo zinabaki 15 za kuzungumza. Wewe unafungua kwa dakika 4, dada mmoja wa timu yako anaeleza matokeo kwa dakika 7, kisha unamalizia na mapendekezo kwa dakika 4. Kwenye mazoezi jumla imekuwa 17. Sehemu zako zimetoka kama zilivyopangwa, ya kwake imefika 9.

Hatua ya 1: Pata muda wa kila slaidi, si wa sehemu nzima

Ukijua tu kwamba sehemu ina dakika 9, hujui pa kukata. Rekodi mazoezi kwa simu, kisha sikiliza tena na uandike ni sekunde ngapi zimetumika kwenye kila slaidi. PowerPoint nayo ina `Rehearse Timings` chini ya `Slide Show`, inayohifadhi muda wa kila slaidi wakati mnazungumza. Mimi napendelea rekodi ya sauti kwa sababu inanipa na maneno yenyewe, na maneno hayo nitayahitaji katika hatua inayofuata.

Kwenye mfano wetu sehemu yake imetoka hivi:

- Slaidi 4, tulivyokusanya takwimu: sekunde 110
- Slaidi 5, hatua tatu za huduma: sekunde 80
- Slaidi 6, muda unapopotelea: sekunde 150
- Slaidi 7, safari ya mteja mmoja: sekunde 120
- Slaidi 8, ulinganisho na mwaka jana: sekunde 80

Jumla ni sekunde 540. Tunahitaji 420. Hapo ndipo unapoona kwa nini kumwambia aharakishe hakusaidii: kuingiza maneno ya dakika 9 ndani ya dakika 7 kunamtaka aongeze kasi kwa zaidi ya robo, na hakuna msikilizaji atakayefuata takwimu kwa kasi hiyo. Lazima kitu kitoke.

Hatua ya 2: Tafuta kinachotegemewa na wengine

Jicho litakwenda moja kwa moja kwenye slaidi 7. Ni dakika mbili kamili, ni hadithi ya mteja mmoja tu, na ukiitoa hesabu imekwisha. Usiiguse kabla hujasoma maandishi yako mwenyewe ya mwisho.

Chukua maneno ya slaidi zinazofuata na utafute kila panaporejelea nyuma: "yule", "zile", "hiyo", "kama tulivyoona", "sababu ya pili". Kila neno la namna hiyo lina kamba iliyofungwa mahali fulani huko nyuma. Ukikata upande mmoja, upande wa pili unaning'inia. Kwenye mfano huu, slaidi 10 yako inaanza hivi: "Turudi kwa yule mteja aliyesubiri saini." Ukiondoa slaidi 7, ukumbi mzima utajiuliza mteja gani. Pendekezo lako kuu litaanguka, na lawama itakwenda kwa mwenzako aliyekata alipoombwa akate.

Slaidi 8 nayo ina kamba, ila ni nyembamba. Yeye anamalizia kwa kusema foleni zimerefuka kuliko mwaka jana, na wewe unafungua slaidi 9 kwa "Kwa ongezeko hilo...". Hiyo unaweza kuifungua kwa kubadilisha sentensi yako moja. Hakuna pendekezo lolote linalotegemea ulinganisho huo, na uongozi ukitaka kujua hali ya mwaka jana, watauliza.

Slaidi 4 haina kamba yoyote mbele yake. Wasikilizaji wanahitaji kuamini takwimu: ni wateja wangapi, kwa muda gani, walipimwa vipi. Jinsi fomu ilivyoundwa na kurekebishwa ni jambo lililowachosha ninyi wawili, na kwa sababu hiyo linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Sehemu ya namna tulivyofanya kazi huwa na mafuta mengi katika karibu kila wasilisho.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya makato, pamoja na gharama ya kuunga

Slaidi 8 ikitoka, tunapata sekunde 80. Slaidi 4 ikishuka kutoka 110 hadi 60, tunapata 50. Hizo ni 130. Lakini slaidi 7 sasa ndiyo ya mwisho kwake, na haikuandikwa kuwa ya mwisho. Inahitaji sentensi ya kukukabidhi, kama sekunde 10. Kwa hiyo tunabaki na 120 halisi. Watu husahau sekunde hizi za kuunga, kisha wanashangaa mbona bado wamezidi.

Andika sentensi hiyo ya kukabidhi wewe mwenyewe kama pendekezo. Mtu akiombwa kukata anabaki na shimo mkononi. Ukimpa na kiraka, anaona jinsi sehemu yake itakavyosimama.

Hatua ya 4: Andika barua

Itume kwake peke yake. Ukiweka nakala kwa bosi, ombi la mwenzake linageuka mashtaka, na atajibu kama mshtakiwa. Itume siku ile ile ya mazoezi, maneno yakiwa bado kichwani mwake. Nayo ni bora kuliko simu hapa, kwa sababu ataifungua pembeni ya slaidi zake na kuzifuata moja moja.

> Mada: Sehemu yako, dakika 9 ziwe 7 (slaidi 4 na 8). Naomba jibu kesho kabla ya saa 6 mchana
>
> Habari za jioni dada,
>
> Kwenye mazoezi ya leo tumetumia dakika 17, na tuna 15 kabla ya maswali. Sehemu zangu zimetoka dakika 4 na 4 kama tulivyopanga, yako imefika 9 badala ya 7. Naomba tupunguze dakika 2 hapo.
>
> Nimesikiliza rekodi, naona zinapatikana bila kugusa slaidi 5, 6 wala 7:
>
> Slaidi 8: tuifiche, uwe nayo tayari wakiuliza kuhusu mwaka jana. Tunapata sekunde 80.
>
> Slaidi 4: ibaki idadi ya wateja, muda wa upimaji na namna tulivyopima. Habari za kuunda fomu tuziache kwa maswali. Sekunde 110 zinakuwa 60.
>
> Mwisho wa slaidi 7: tuongeze sentensi ya kunikabidhi, sekunde 10 hivi. Kwa mfano: "Mteja huyu alikaa dakika 47, na 31 kati ya hizo alisubiri saini moja. Mwenzangu ataeleza jinsi ya kuiondoa saini hiyo."
>
> Slaidi 7 naomba ibaki yote, maana pendekezo langu kwenye slaidi 10 linaanzia kwa mteja huyo. Slaidi 9 nitaibadilisha mimi mwanzo wake, isitaje tena ongezeko la mwaka jana.
>
> Sehemu hii unaijua kuliko mimi. Ukiona pengine pa kukata panafaa zaidi, kata hapo, mradi jumla iwe dakika 7 na mteja wa slaidi 7 abaki. Faili sijaligusa.
>
> Ukinijibu kesho kabla ya saa 6, saa 10 jioni tujaribu pale tunapopokezana tu, haitazidi dakika 10.
>
> Asante sana dada.

Angalia mambo mawili humo. La kwanza, sababu ni saa, na imetajwa kwa namba kabla ya ombi. Hakuna neno "ndefu", "inachosha" wala "imerudiarudia", hata kama ndivyo unavyoona. Ukitoa maoni juu ya ubora, mtajadili ubora, na dakika mbili zitabaki pale pale. Pia umeeleza kwa nini makato yanatoka kwake na si kwako, jambo ambalo angelijiuliza hata kama asingelisema.

La pili, umetenganisha kilichofungwa na kilicho wazi. Dakika 7 na yule mteja haviguswi. Vingine vyote ni pendekezo. Ukisema tu "kata unavyoona", anaweza kukata kamba ambayo hajui ipo. Ukiamua kila kitu, unakuwa msimamizi wake. Ile sentensi ya "faili sijaligusa" usiiache: kwenye faili mnalotumia pamoja, kukuta slaidi yako imehamishwa kabla hujaulizwa kunakera kuliko ombi lenyewe.

Hatua ya 5: Pokea jibu

Akikubali, aifiche slaidi 8 badala ya kuifuta. Kwenye PowerPoint ni kubofya slaidi kwa kitufe cha kulia kisha `Hide Slide`. Namba za slaidi nyingine hazibadiliki, kwa hiyo maandishi yenu yanabaki sahihi, na wakati wa maswali akiandika 8 kwenye kibodi na kubonyeza `Enter`, inafunguka. Kama namba zinaonekana kwenye skrini, watazamaji wataona 7 kisha 9. Mkiona hilo linasumbua, ondoeni namba.

Akisema slaidi 8 ni muhimu, usibishane juu ya umuhimu. Muulize sekunde 80 zitoke wapi badala yake. Mara nyingi atapendekeza kubakiza sentensi moja ya ulinganisho ndani ya slaidi 6, na hilo ni jema. Iongeze kwenye hesabu, na kama bado mmezidi nusu dakika, itoe kwenye ufunguzi wako.

Hatua ya 6: Jaribuni maungio tu

Hakuna haja ya kurudia dakika zote 15. Aseme slaidi 4 mpya, mpime. Kisha aanze katikati ya slaidi 7, akukabidhi, nawe uendelee mpaka sentensi ya kwanza ya slaidi 10. Dalili kwamba pameachia ni ndogo: anasita kabla ya kukabidhi, au wewe unajikuta unaongeza maelezo ambayo hayakuandikwa ili sentensi yako ieleweke. Likitokea hilo la pili, kuna kamba iliyobaki. Rudini kwenye maneno yako ya slaidi 9 na mtafute "hilo" au "hizo" inayoelekeza kwenye slaidi iliyofichwa.

Slaidi 4 ikitoka sekunde 75 badala ya 60, msimwambie aharakishe. Tafuteni sentensi moja zaidi ya kuondoa, na ianze kutafutwa kwenye maelezo ya fomu, maana hayo hurudi yenyewe mtu anapozungumza bila kusoma.