Mti wa kujirudia na induksheni: kuhesabu gharama ya kuzidisha kwa njia ya Karatsuba

Wengi hujifunza kuchora mti wa kujirudia, wakapata jibu, kisha wakakwama kwenye induksheni, yaani kuthibitisha dai kwa n kwa kulitumia dai lilelile kwa namba ndogo zaidi, wakidhani jibu lao si sahihi. Mimi pia nilikwama hapo nikiwa mwanafunzi: nilikuwa na jibu sahihi, nikalifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Mfano utakaotuongoza hapa ndio uliniponza siku ile, kwa hiyo twende nao taratibu.

Hatua ya 1: Andika mlinganyo

Mwaka 1960, huko Moscow, mwanahisabati Andrey Kolmogorov aliwaambia waliohudhuria semina yake kwamba anaamini kuzidisha namba mbili zenye tarakimu n hakuwezi kufanyika kwa chini ya hatua za kiwango cha n². Anatoly Karatsuba, kijana wa miaka 23, alirudi baada ya siku chache na njia inayovunja dhana hiyo.

Tuchukue 23 × 14. Njia ya shuleni inahitaji mazao manne ya tarakimu mojamoja: 2×1, 2×4, 3×1 na 3×4. Karatsuba anatumia matatu tu. Zidisha 2×1 = 2, zidisha 3×4 = 12, kisha jumlisha tarakimu za kila namba uzizidishe: (2+3)×(1+4) = 25. Ukitoa 2 na 12 kwenye 25 unabaki na 11, ambayo ndiyo sehemu ya makumi. Jibu ni 200 + 110 + 12 = 322.

Namba ikiwa ndefu, tunaikata katikati na kufanya vilevile. Ni gawanya utawale: tatizo la ukubwa n linazaa matatizo matatu ya ukubwa n/2, pamoja na kazi ya kujumlisha na kutoa ambayo inakua sambamba na n. Ili hesabu iwe safi, tuseme kazi hiyo ni n kamili, na n ni kipeo cha 2. Tukiita T(n) jumla ya kazi yote ya kuzidisha namba zenye tarakimu n:

```
T(1) = 1
T(n) = 3T(n/2) + n
```

Hatua ya 2: Chora mti kwa namba halisi kwanza

Usianze na n. Anza na 8. Mti wetu unaota kichwa chini: mzizi uko juu, majani chini, kila kifundo ni tatizo moja, na hapo unaandika kazi inayofanyika hapo tu, bila kuhesabu ya watoto wake. Hapo ndipo wengi huhesabu kazi ileile mara mbili.

Mzizi una kazi 8. Chini yake kuna vifundo 3 vyenye kazi 4 kila kimoja, jumla 12. Ngazi inayofuata ina vifundo 9 vyenye kazi 2, jumla 18. Mwisho kuna majani 27, kila moja lina kazi 1, jumla 27. Ukijumlisha zote, 8 + 12 + 18 + 27 = 65.

Tazama zile jumla za ngazi: kila moja ni mara 3/2 ya iliyo juu yake. Vifundo vinaongezeka mara tatu, ila kazi ya kila kimoja inapungua nusu. Kwa hiyo mti huu ni mzito chini, na majani ndiyo yataamua jibu. Kwa njia ya shuleni, yenye matawi manne, jumla zingekuwa 8, 16, 32 na 64, yaani 120.

Hatua ya 3: Geuza kuwa fomula

Ngazi ya i ina vifundo 3^i, kila kimoja kina kazi n/2^i, kwa hiyo jumla yake ni n(3/2)^i. Tunafika kwenye majani baada ya kugawa n kwa 2 mara lg n, yaani logi ya n kwa msingi wa 2. Tuite idadi hiyo k, yaani n = 2^k. Majani ni 3^k, ambayo ni sawa na n^(lg 3), takriban n^1.585.

Ngazi zilizo juu ya majani ni mfululizo wa jometri. Jumla yake:

```
n · ((3/2)^k - 1) / (3/2 - 1) = 2·3^k - 2·2^k
```

Ongeza majani 3^k:

```
T(n) = 3·3^k - 2·2^k = 3n^(lg 3) - 2n
```

Ijaribu kwa 8: 3·27 − 2·8 = 81 − 16 = 65. Inakubaliana na mchoro wetu. Ukitaka kuhakiki zaidi, endesha hii:

```python
def T(n):
    if n == 1:
        return 1
    return 3 * T(n // 2) + n

for k in range(6):
    print(2**k, T(2**k), 3 * 3**k - 2 * 2**k)
```

Safu ya pili na ya tatu zitalingana, mpaka 665 kwa n = 32.

Hatua ya 4: Induksheni, na pale inapokataa

Mwanafunzi akishaona n^(lg 3), hutupa ile −2n kwa kuwa ni ndogo, kisha hujaribu kuthibitisha kwamba T(n) ≤ c·n^(lg 3), c ikiwa namba isiyobadilika. Anachukua kuwa dai ni kweli kwa n/2 na kuliingiza kwenye mlinganyo. Kwa kuwa 2^(lg 3) = 3, anapata:

```
T(n) ≤ 3c(n/2)^(lg 3) + n = c·n^(lg 3) + n
```

Alitakiwa kuishia c·n^(lg 3), na sasa kuna n imezidi. Hata c iwe milioni, n hiyo haiondoki. Hapa ndipo nilipofuta jibu langu. Kumbe dai lilikuwa kweli. Lilikuwa legelege mno kujibeba lenyewe kutoka ngazi moja hadi nyingine.

Dawa ni kuirudisha ile sehemu tuliyoitupa. Dai jipya ni T(n) ≤ c·n^(lg 3) − d·n, d nayo ikiwa namba isiyobadilika. Linaonekana gumu zaidi kwa sababu linaahidi kitu kidogo zaidi, lakini katika induksheni unachokidai kwa n ndicho unachoruhusiwa kukitumia kwa n/2, tena hapa unakitumia mara tatu:

```
T(n) ≤ 3(c(n/2)^(lg 3) - d·n/2) + n
     = c·n^(lg 3) - (3d/2)n + n
```

Tunataka hii isizidi c·n^(lg 3) − d·n. Inatosha d/2 iwe angalau 1, yaani d ≥ 2. Mwanzo wa induksheni ni T(1) = 1 ≤ c − d, kwa hiyo d ikiwa 2, c iwe 3. Ni zilezile 3 na 2 ambazo mti ulitupa. Kazi ya kila kifundo ingekuwa 6n badala ya n, d ingehitaji kuwa angalau 12, na c ingepanda nayo.

Mtego mmoja zaidi

Mtu anaweza "kuthibitisha" kwamba T(n) ni O(n), yaani haizidi n mara namba fulani isiyobadilika, hivi: T(n/2) ≤ c·n/2, hivyo T(n) ≤ (3c/2 + 1)n, na hiyo ni O(n). Si kweli. Tulianza na c, tukaishia na 3c/2 + 1, na itaendelea kukua kwa kila ngazi unayopanda. Lazima umalizie na c ileile uliyoanza nayo. Ndiyo maana ndani ya induksheni siandiki O kabisa. Naandika c na d zenyewe ili nizione zikibadilika.

Na n ikiwa si kipeo cha 2?

Tukigawa kwa kuzungusha nusu kwenda juu, T haishuki n inapopanda. Kwa hiyo chukua kipeo cha 2 cha kwanza kisichopungua n. Daima ni chini ya 2n. Gharama yake haifiki 3(2n)^(lg 3), ambayo ni 9n^(lg 3). Kiwango hakijabadilika, kizidishi tu ndicho kimepanda kutoka 3 hadi 9.