Jinsi ya kuomba ruzuku kwa slaidi ambazo zitasomwa wewe haupo

Ukikuta tangazo la ruzuku na kwenye masharti wameandika uambatishe slaidi kwa PDF, isizidi MB kadhaa, jua kabisa hizo slaidi atazisoma mtu aliyekaa peke yake na laptop au simu, na akimaliza yako kuna rundo la maombi mengine linamsubiri. Fomu yenyewe siielezi, mambo ya jina, TIN, barua ya mtendaji na akaunti ya benki mnayajua. Naongelea hilo faili la slaidi tu, maana ndilo lililowakosesha hela kikundi ninachokifahamu.

Ni akina mama wa Mwanza wanaokausha dagaa kwenye vichanja badala ya kuanika mchangani. Slaidi zao walishaziwasilisha ukumbini, katibu wao anaongea vizuri sana, watu wakapiga makofi. Ruzuku ilipotangazwa wakachukua faili lilelile wakalipakia kwenye mfumo. Jibu lilikuja baada ya miezi, kwamba maelezo ya tatizo na soko hayajitoshelezi, na dirisha la maombi limeshafungwa mpaka mwaka unaofuata. Inauma, kwa sababu maelezo yote walikuwa nayo, ila yalikuwa mdomoni kwa katibu.

Sasa twende hatua kwa hatua. Kwanza usiguse faili la ukumbini, tengeneza nakala na uipe jina lingine. Halafu mwombe anayejua kuongelea mradi awasilishe slaidi zote kama yuko mbele za watu, mrekodi kwa simu, kisha kaeni msikilize slaidi moja moja na kuandika kila alichosema ambacho hakipo kwenye skrini. Hayo maandishi ndiyo slaidi zako mpya. Usiyaweke kwenye sehemu ya Notes ukadhani msomaji atayaona, ukihifadhi PDF kwa njia ya kawaida Notes hazitoki, zinabaki kwenye kompyuta yako.

Hatua inayokula muda ni vichwa vya slaidi, na hapa msiwe na haraka. Slaidi ya pili ya wale mama ilikuwa na picha ya dagaa walioloa, juu imeandikwa "Changamoto", katikati "40%" kubwa nyekundu. Ukumbini inatosha, katibu anamalizia. Anayesoma peke yake anajiuliza asilimia 40 ya nini, lini, nani kahesabu? Tulivyoiandika upya kichwa kikawa sentensi nzima: "Msimu wa mvua tunapoteza ndoo 4 kati ya kila 10 tunazoanika mchangani". Chini yake aya fupi inaeleza kwamba hesabu imetoka kwenye daftari la kikundi la Machi na Aprili, na kwamba kupoteza maana yake dagaa wameoza au wameuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Picha imebaki, ila ndogo, pembeni.

Ukishamaliza vichwa vyote vinakili kwenye ukurasa mmoja uvisome mfululizo bila kitu kingine. Vikisimulia ombi lako tangu tatizo mpaka hela unayoomba, umepatia. Ukikuta "Utangulizi, Changamoto, Suluhisho, Soko, Bajeti", bado hujaandika kitu.

Na kichwa kinaweza kupotosha kabisa. Januari 2003 chombo cha NASA cha Columbia kilipokuwa kinapaa, kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi kikagonga bawa, na wahandisi wakatengeneza slaidi kueleza hatari yake. Kichwa cha slaidi mojawapo kilimpa msomaji picha kwamba mambo yana nafuu, halafu chini kabisa kwa maandishi madogo ndipo palipokuwa na habari yenyewe, kwamba kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na ukubwa wa inchi za ujazo 1,920 wakati majaribio waliyoyategemea yalitumia kipande cha inchi za ujazo 3. Februari 1 Columbia ilisambaratika ikirudi, wote 7 waliokuwemo wakafa. Bodi ya uchunguzi iliichambua slaidi hiyo kwenye ripoti yake, ikasema ni rahisi kuelewa kwa nini kiongozi angeisoma asijue kwamba inaongelea hatari ya maisha. Kwa hiyo jambo zito kuliko yote kwenye slaidi liende kwenye kichwa, lisikae kwenye kidoti cha mwisho.

Grafu nazo zinataka kazi. Ukumbini unanyoosha kidole unasema "hapa ndipo tulipoweka vichanja", na mtu asipoelewa ananyoosha mkono anauliza. Kwenye PDF hakuna kidole wala mkono, kwa hiyo maelezo yaandike palepale kwenye mstari wa grafu, na swali ambalo angeuliza lijibu kabla hajaondoka kwenye hiyo slaidi. Grafu ya wale mama ilionyesha hasara inashuka kuanzia Mei vichanja vilipoanza. Mtu makini lazima aulize, si ni mvua imekatika tu? Tukaongeza mstari wa pili wa wanachama waliokuwa bado wanaanika mchangani miezi hiyohiyo, nao pia ulishuka kidogo lakini ukabaki juu ya ule wa vichanja. Nafasi kati ya mistari miwili ndiyo faida ya vichanja, tukaiandika hapohapo kwa maneno.

Animesheni toa zote. Vitu vilivyokuwa vinaingia kimoja baada ya kingine vyote vinatokea kwa pamoja kwenye PDF, picha inaweza kukalia maandishi, na video inabaki picha mgando. Kama kuna hatua tatu za kuonyesha basi tengeneza slaidi tatu, au zipange upande kwa upande.

Ukubwa wa herufi ndio unaowachanganya wengi. Ukumbini unatumia 28 kwenda juu, slaidi ya kusoma 14 mpaka 16 inatosha kwa maandishi ya kawaida, ila angalia ukurasa wenyewe. PowerPoint inaanza na ukurasa wa upana wa inchi 13.33, Google Slides inaanza na inchi 10, kwa hiyo 14 ya Google ukiifungua skrini nzima inaonekana kubwa kama karibu 19 ya PowerPoint. Usibishane na namba, hifadhi PDF, jitumie WhatsApp, ifungue kwenye simu ukiwa umeilaza. Ukilazimika kuvuta kwa vidole ndio usome, punguza maneno au gawa slaidi iwe mbili. Faili likizidi MB walizotaja, bana picha kwanza, mara nyingi ndizo zinazolijaza.

Kabla ya kubonyeza tuma, mpe mtu asiyejua mradi wako asome huku umenyamaza kimya, usimsaidie hata neno. Akimaliza muulize unaomba nini, shilingi ngapi, na kwa nini apewe huyu. Atakaposita ndipo pa kurekebisha, na usimweleze kwa mdomo ukaona yameisha, rudi ukaandike kwenye slaidi.

Mkiitwa kwenye usaili msiende na hilo faili la kusoma, maana maneno yakijaa ukutani watu watasoma na hawatamsikiliza katibu. Rudini kwenye lile la ukumbini mliloliacha, lenye picha na namba kubwa, mrekebishe takwimu zilingane na za PDF mliyotuma, kwa sababu jopo watakuwa nayo mezani.