Kabla ya kuandika utaratibu wa kuchanganya klorini kituoni

Tangu Ebola ilipofika Goma mwezi wa Julai 2019, ndoo ya klorini mlangoni mwa kituo cha afya haimshangazi mtu. Lakini karatasi ya kueleza namna ya kuichanganya mara nyingi ina mstari mmoja tu: "Vijiko 10 kwa lita 20." Nilisaidia kituo kimoja cha mtaani kuiandika upya, na sehemu kubwa ya kazi tuliifanya kabla ya kugusa kalamu.

Kwanza simama kando ya anayechanganya, asubuhi mbili tatu, bila kumsahihisha. Tazama kijiko chake. Sisi tulikuta kijiko cha supu cha kawaida, na kila mtu akikijaza kivyake: mmoja kikiwa na kilima, mwingine akikisawazisha. Tukaazima mizani ya gramu, tukapima vijiko 10 vilivyosawazishwa. Vilikuwa gramu 130, yaani 13 kwa kijiko. Halafu tukasoma kopo la unga: HTH, klorini asilimia 65. Maji makali, yale ya sakafu iliyomwagikiwa damu, yanatakiwa kuwa ya asilimia 0.5. Gawanya 0.5 kwa 65, zidisha kwa 1000, unapata gramu 7.7 kwa lita, kwa hiyo gramu 154 kwa lita 20. Kwa kijiko kile ni vijiko 12. Karatasi ya zamani, hata ilipofuatwa barabara, ilitoa asilimia 0.42.

Ndiyo maana hatua ya 1 tuliyoandika haikuwa kupima unga, bali: "Soma asilimia ya klorini kwenye kopo. Kama si 65, simama, mwite muuguzi mkuu." Kopo linalofuata linaweza kuja na asilimia 70, na hesabu yote inabadilika.

Pili, amua nani anafanya nini, kwa cheo, si kwa jina la mtu, maana mtu huhama na karatasi hubaki. Kwetu mtu wa usafi anapima na kuchanganya. Muuguzi wa zamu anahesabu vijiko kwa sauti na kutia sahihi kwenye daftari. Muuguzi mkuu anafanya hesabu upya kopo jipya linapofunguliwa. Hapa uwe mkweli kuhusu usiku. Kituo kile kina muuguzi mmoja tu usiku, na huwezi kuandika "watu wawili wahakiki" wakati wa pili hayupo. Kwa kuwa mchanganyiko hutupwa baada ya saa 24, tuliweka kuchanganya saa moja asubuhi, wakati zamu mbili zinapokutana. Usiku hauchanganyi kitu.

Hatua zenyewe, kila namba ibebe tendo moja, na onyo litangulie tendo lake. Glavu nene, barakoa na miwani vinavaliwa kabla kopo halijafunguliwa. Maji yanatangulia ndooni, unga unafuata. Sabuni haitiwi humo, wala kitu chochote chenye asidi, kwa sababu klorini itatoa gesi inayochoma mapafu. Baada ya kukoroga, dakika 30 za kutulia. Maji mepesi ya asilimia 0.05 ya kunawia mikono hayahitaji kijiko tena: lita 2 za maji makali yaliyotulia, ongeza lita 18 za maji safi. Ndoo kali ina kifuniko chekundu, na neno USINAWE limeandikwa kwa Kiswahili ubavuni, mahali ambapo mgonjwa anaposimama analiona.

Uhakiki ndio uliotusumbua zaidi. Kifaa cha kupimia klorini ya maji ya kunywa kwa rangi kilikuwepo, na mtu mmoja alikitumbukiza moja kwa moja kwenye maji makali. Rangi ilitokea ikapotea, akasoma sifuri, akaongeza unga. Asilimia 0.5 ni miligramu 5,000 kwa lita. Klorini nyingi hivyo huichubua rangi ya kipimo chenyewe. Kwa hiyo tuliandika: vuta mililita 1 kwa bomba la sindano jipya, tia kwenye lita 5 za maji ya mvua yaliyochujwa, ndipo upime. Jibu liwe karibu na miligramu 1 kwa lita. Maji ya bomba la Regideso, shirika la maji, hayafai hapo, kwa kuwa huenda yana klorini yake tayari.

Mwisho, mpe karatasi mtu ambaye hajawahi kuchanganya, asome kwa sauti na kufanya, nawe ukae kimya. Kwetu alikwama hatua ya 6, penye "koroga vizuri". Akauliza, vizuri ni mpaka lini? Tukabadilisha kuwa "koroga kwa mti mpaka usione chembe zikielea". Tukaandika toleo la 2 na tarehe juu ya karatasi, kisha tukapita kila chumba kubandua ile ya vijiko 10. Tulizikuta tatu, moja nyuma ya mlango wa chumba cha kujifungulia.