Kusawazisha makabati ya chini ya jikoni kwenye sakafu isiyo sawa: pima sakafu kabla ya kugusa mguu

Sakafu mbaya huwa haijitokezi kwenye kabati la kwanza. Inajitokeza kwenye la tatu au la nne, pale mguu unapoisha hesi kabla kabati halijafikia usawa wa wenzake. Hapo fundi hana njia ila kurudi nyuma na kushusha au kupandisha yote aliyokwisha kuyafunga. Ndiyo maana somo hili linakaa zaidi kwenye vipimo vinavyochukuliwa kabla kabati hata moja halijaingia jikoni.

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho: ukuta wa mita 3, makabati matano ya sentimita 60, kila moja na kimo cha milimita 720 bila miguu. Miguu ni ile ya plastiki ya kuzungusha, na hii ya mfano wetu inafupika hadi milimita 140 na kurefuka hadi 170. Ya kwako huenda ikawa tofauti, kwa hiyo chukua mmoja, uzungushe hadi mwisho wa pande zote mbili, upime. Upande wa kurefuka, simama pale hesi inapokuwa bado imeshika vizuri. Mguu uliotolewa hadi ncha ya hesi hutikisika, na ukisukumwa kwa pembeni huvunjika.

Hatua ya 1: mstari mmoja ukutani

Chora mstari wa usawa ukutani, urefu wote wa makabati, karibu mita 1 kutoka sakafuni. Kimo kamili cha mstari hakina uzito wowote, kinachotakiwa ni uwe sawa kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Leza ni nzuri. Mpira wa maji ni mzuri vilevile, mradi usiwe na mapovu ndani na ncha zote mbili ziwe wazi unaposoma. Kama una pimamaji tu, liweke juu ya ubao mrefu ulionyooka, kisha ligeuze kichwa kwa mkia na usome tena. Povu likihama, pimamaji lenyewe lina kasoro.

Hatua ya 2: soma sakafu

Sasa pima kutoka kwenye mstari kwenda chini hadi sakafuni, kila mahali mguu utakaposimama. Yaani kila maungio ya makabati na kila mwisho, nyuma karibu na ukuta, halafu mbele kwenye mstari wa miguu ya mbele, karibu sentimita 50 kutoka ukutani. Kwa mbele, leza ikiangaza unasoma moja kwa moja kwenye futi uliyoisimamisha. Bila leza, egemeza ubao ulionyooka kwenye mstari wa ukutani, uweke pimamaji juu yake, upime kutoka ncha ya ubao. Andika kila namba pale pale sakafuni kwa penseli.

Wengi hupima ukutani tu wakaridhika. Sakafu nyingi zina mteremko pia kutoka ukutani kuja katikati ya chumba, na huo ndio humaliza miguu ya mbele.

Kwenye mfano wetu, kona ya kushoto nyuma inasoma 994 na mbele yake 996. Kona ya kulia nyuma inasoma 1012 na mbele 1018. Kati yao sakafu inashuka polepole. Kumbuka kwamba namba ndogo ndiyo sehemu iliyoinuka, kwa sababu sakafu iko karibu zaidi na mstari. Kwa hiyo hapa kilele ni 994, bonde ni 1018, na tofauti ni milimita 24. Si lazima kilele kiwe kwenye kona. Mara nyingi nundu iko katikati ya ukuta, na anayeanzia pembeni hukutana nayo akiwa amechelewa.

Hatua ya 3: hesabu ya kila mguu

Mguu mfupi kuliko yote utasimama kwenye kilele. Usiupe kipimo chake cha chini kabisa, uachie milimita 2 za kurekebishia baadaye. Tuupe 142. Basi chini ya makabati yote itakuwa milimita 852 kutoka kwenye mstari, maana 994 ukitoa 142 unabaki na 852. Kuanzia hapo kila mguu ni namba iliyoandikwa sakafuni ukitoa 852. Kona ya kulia mbele: 1018 kutoa 852 ni 166. Mguu unafika 170, kwa hiyo tumepita, na zimebaki milimita 4.

Tazama ambacho kingetokea bila hesabu. Mtu anaweka mguu wa kwanza kwenye 150 kwa sababu ndiyo namba ya kwenye pakiti, anaendelea, na mguu wa mwisho unadai 174. Haupo.

Kabla ya kufunga chochote, chora mstari wa pili ukutani kuonyesha juu ya makabati: 852 kutoa 720, yaani milimita 132 chini ya mstari wa kwanza. Huu ndio utakaofanyia kazi.

Hatua ya 4: funga miguu, simamisha, unganisha

Laza kabati chali, funga visahani vya miguu kwenye ubao wa chini karibu na kona. Visahani vingi vina ulimi unaoingia chini ya ukingo wa ubao wa ubavu. Hakikisha umeingia, maana uzito wa kaunta hushuka kwa mbavu, na mguu uliokaa katikati ya ubao wa chini utaupindisha. Miguu ya mbele irudi nyuma kiasi cha kuacha nafasi ya ubao wa kuficha miguu na vidole vya anayesimama. Kabati pana, la sentimita 90 na kuendelea, liongezee mguu katikati.

Zungusha kila mguu hadi kipimo chake ukiwa bado umelaza kabati, kisha lisimamishe. Utakuta linakaribia sana mstari wa pili, na kilichobaki ni robo ya mzunguko hapa na pale. Anza na kabati la kona kama ipo. Rekebisha miguu ya nyuma kwanza ungali unaifikia kwa urahisi. Usizungushe mguu uliobeba uzito: inua kabati kidogo kwa kipande cha ubao, zungusha, shusha.

Lete kabati la pili, lisawazishe na la kwanza kwa juu na kwa uso wa mbele, libane kwa klampu mbili, kisha ndiyo utie skrubu za kuunganisha. Ukitia skrubu kabla ya kusawazisha, kabati moja linaning'inia kwa jingine.

Kisha weka rula ya alumini ya mita 2 juu ya makabati kwa urefu, na baadaye kwa mshazari. Pimamaji fupi juu ya kila kabati peke yake litakuambia yote yako sawa, huku kosa la nusu milimita kwa kila moja likijumlishwa hadi mwisho.

Hatua ya 5: mguu mlegevu

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko povu. Pita kila mguu, uujaribu kuuzungusha kwa vidole viwili. Uliobeba uzito hukataa. Ukizunguka kirahisi, unaning'inia, na kabati linasimama kwa miguu mitatu. Povu linaweza kuwa katikati kabisa siku hiyo, lakini kaunta ikipanda juu, kabati litajikunja kuelekea mguu huo, na utaona milango miwili iliyokuwa sambamba ikianza kuachana kwa juu. Shusha mguu hadi uguse sakafu, kisha ongeza kidogo tu hadi vidole vihisi ukinzani.

Rudia jaribio hili baada ya kufunga makabati ukutani. Ukuta uliobonyea huvuta kabati nyuma unapokaza skrubu, na miguu ya mbele huinuka. Dawa ni kujaza uwazi nyuma ya kabati kwa kipande kigumu kabla ya kukaza.

Hatua ya 6: ubao wa kuficha miguu

Kwenye mfano wetu uwazi wa mbele ni 144 kushoto na 166 kulia, kwa hiyo ubao wa milimita 150 hautoshi. Chukua wenye upana unaozidi 166, pima uwazi kila sentimita 30, hamishia vipimo kwenye ubao, punguza milimita 2 za kuupitisha, ukate. Upande uliokatwa ukae chini, na uzibwe kwa silikoni au ukanda wa mpira usinywe maji ya kudekia. Klipu zinanasa kwenye miguu ya mbele, hivyo ubao unatoka bila bisibisi.

Maswali ya wanachama

*Fundi, vigae vyangu vitawekwa baada ya makabati. Napima kutoka wapi?*

Pima sakafu ilivyo sasa, lakini ongeza unene wa kigae na gundi yake kwenye kila mguu. Kigae cha milimita 8 na gundi ya 4 ni 12, na hizo 12 zinatoka kwenye uwezo wa mguu. Kama unaweza kubadilisha mpangilio, dada yangu, weka vigae kwanza, angalau hadi chini ya miguu ya mbele na sehemu yote ya mashine ya kuosha vyombo. Kigae kikiishia mbele ya mashine, siku ya matengenezo haitatoka.

*Kwangu tofauti ni milimita 45. Niweke vipande vya mbao chini ya miguu?*

Miguu yenye masafa ya 30 haitoshi hapo. Mbao laini hapana, zikilowa huvimba na zikikauka hunywea. Ukipata miguu mirefu yenye masafa makubwa, hesabu ni ile ile. Kwa mguu mmoja au miwili, kipande cha kigae kilichogundishwa sakafuni kinafaa. Lakini kwa milimita 45 ningesawazisha sakafu yenyewe kwanza, kwa sababu hata miguu ikifika, ubao wa kuficha utaonekana kama kabari na jicho halitaacha kuuona.

*Kaunta yangu ni ya jiwe. Usawa uwe wa kiasi gani?*

Mimi nalenga uwazi usiozidi milimita 2 chini ya rula ya mita 2, mahali popote, na mshazari pia. Mbao hujipinda kidogo kufuata makabati. Jiwe halijipindi, linakaa juu ya vilele na kubaki hewani kati yake, hasa kwenye tundu la sinki ambako limebaki jembamba. Soma pia uzito ambao mguu umeandikiwa kubeba.

*Mashine ya kuosha vyombo ikae upande upi, mwalimu?*

Mashine nyingi za kuingizwa chini ya kaunta huanzia kimo cha milimita 815 au 820, na miguu yake huinuka hadi karibu 870. Kwenye mfano wa somo, nafasi chini ya kaunta ni 862 kushoto nyuma na 886 kulia mbele. Iweke kushoto. Ikilazimika kukaa kulia, inue sehemu yake kwa plaiwudi isiyopitisha maji, na upime tena kabla kaunta haijafungwa.