Somo: Kuyachuja maoni ya nyota moja kabla ya kuyaripoti Google Maps

Assalamu alaykum. Wenzetu wengi wenye nyumba za wageni huripoti maoni kwa sababu yamewauma, kisha hushangaa yakiachwa. Google haiamui ugomvi wa nani mkweli kati ya mwenye nyumba na mgeni. Inachotazama ni kama maandishi yamevunja kanuni zake, kwa hiyo kazi yetu ni kuitafuta sentensi iliyovunja.

Tuchukue mfano niliouunda, wa nyumba ya vyumba sita Jambiani:

"Feni haikufanya kazi na godoro lilinuka unyevu. Boti kutoka Dar ilichelewa saa mbili. Kijana wa mapokezi alikuwa mkali. Mpigieni kijana huyo kwa namba yake hii (namba kamili imeandikwa). Bora mje kwetu, nyumba ya pili baada ya msikiti, bei nafuu."

Hatua ya kwanza ni kupiga picha ya skrini inayoonesha maandishi yote, jina la akaunti na tarehe, kwa kuwa mwandishi anaweza kuyahariri wakati wowote.

Hatua ya pili ni kusoma sentensi moja moja. Feni na godoro ni malalamiko halali, hata kama wewe unaapa kwamba feni ilizunguka usiku kucha. Ukali wa kijana nao ni halali, na hata angetajwa kwa jina lake la kwanza, kwa kawaida hilo lisingetosha, kwani yeye ndiye anayepokea wageni. Namba yake ya simu ni jambo jingine: ni taarifa binafsi iliyotangazwa bila ridhaa yake, na ubaya wake haupungui kwa kuwa mgeni aliipata kihalali alipokuwa akipanga usafiri.

Boti iliyochelewa haihusu nyumba yako. Hata hivyo, sentensi moja iliyotoka nje ya mada haiyafanyi maoni yote kuwa nje ya mada, ikiwa yaliyobaki yanazungumzia chumba. Hapa ndipo wengi hukosea: huchagua sababu hii kwa kuwa ni rahisi kuiona, na ripoti hukataliwa.

Neno zito kuliko yote ni "kwetu". Mwandishi amejifichua kwamba ana biashara shindani, na kanuni zinakataza kuandika juu ya mshindani ili kumshusha. Mgongano wa maslahi ni mgumu kuuthibitisha pale mwandishi anaponyamaza, maana hisia zako kwamba "huyu ni mtu wa jirani" si ushahidi. Katika mfano huu ushahidi umo ndani ya maandishi yenyewe.

Hatua ya tatu ni kubonyeza nukta tatu kando ya maoni, kuchagua Report review, kisha kuchagua sababu yenye ushahidi wa wazi zaidi. Mimi ningeanza na namba ya simu, kwa sababu mkaguzi hahitaji kuijua Jambiani ili kuiona. Udhaifu wake ni kwamba mwandishi anaweza kuifuta namba akayaacha mengine. Ikitokea hivyo, ripoti tena kwa mgongano wa maslahi. Uamuzi huchukua siku kadhaa. Ukikataliwa, unaweza kukata rufaa, na hapo uinukuu sentensi yenyewe. Kuwaomba jamaa kumi waripoti pamoja hakuongezi uzito wowote.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Wete: Mwalimu, mwanangu anafanya kazi katika nyumba yetu. Akiandika maoni mazuri na kueleza wazi kwamba ni mfanyakazi, si atakuwa ameondoa mgongano?

Jibu: Hapana, Bi. Google haimruhusu mfanyakazi kuipima nyumba anayoifanyia kazi, atangaze au asitangaze. Ni vivyo hivyo kwa mgeni uliyempunguzia bei ili aandike.

Mwanachama, Nungwi: Mgeni ameandika uongo mtupu, lakini hakuvunja kanuni hata moja. Nifanye nini?

Jibu: Mjibu hapo hapo, kwa sentensi mbili au tatu zenye jambo la kuhakikika, kwa mfano kwamba feni ilibadilishwa siku ile ile alipolalamika. Wageni wajao watalisoma jibu lako pamoja na shutuma zake.

Mwanachama, Nungwi: Katika jibu naweza kutaja kwamba alilala na nani, na kwamba hakumaliza kulipa? Pasipoti yake ninayo katika daftari.

Jibu: Usithubutu, ndugu yangu. Jibu la mwenye nyumba nalo hukaguliwa kwa kanuni zile zile, na jina la aliyelala naye au namba ya pasipoti ni taarifa binafsi za mgeni. Utakuwa umempa yeye sababu ya kukuripoti wewe. Deni mdai kwa barua pepe.